Takwimu za saratani: Kwa nini Ngorongoro yaweza kuonekana salama kuliko Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Karatu

MKOA wa Kilimanjaro na mkoa wa Arusha ni majirani, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012 idadi ya watu wake ilikaribiana sana: Kilimanjaro ilikuwa na watu wapatao milioni 1.64 na Arusha milioni 1.69. Kwa upande wa saratani, hata hivyo, mikoa hiyo haikai kwenye mizani moja. Kilimanjaro ina rejista ya saratani, iliyoanzishwa mwaka 1998 katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, ambayo kazi yake ni kumhesabu kila mkazi wa mkoa huo anayegundulika kuwa na ugonjwa huo. Kata ya Olbalbal, wilayani Ngorongoro, haimo ndani ya eneo hilo, wala wilaya jirani ya Karatu.

Matokeo yake ni kwamba mtu akiweka majina ya wilaya hizi kwenye jedwali moja, Kilimanjaro itaonekana kuelemewa na saratani na Ngorongoro itaonekana salama. Kabla ya kuliamini jedwali la namna hiyo, inafaa kufahamu jinsi jina la mgonjwa linavyofika kwenye rejista, na jinsi linavyopotea njiani.

Rejista ya saratani si daftari la wagonjwa wa hospitali. Daftari la hospitali huhesabu waliofika pale, watokako popote. Rejista ya aina ya Kilimanjaro huanza na eneo na watu wake, kisha huwatafuta wagonjwa wa eneo hilo popote walipotibiwa. Karani wa rejista huzunguka kwenye maabara ya patholojia, wodi, vyumba vya upasuaji, kliniki na mochwari. Kwa kila mgonjwa huandika jina, jinsia, umri, makazi ya kudumu, kiungo chenye saratani, tarehe ya kugundulika mara ya kwanza, na jinsi ugonjwa ulivyothibitishwa: kwa kinyama kilichopimwa maabara, kwa picha, au kwa macho ya daktari tu. Kisha hulinganisha majina ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili.

Katika orodha hiyo, kinacholeta taabu kuliko vyote ni makazi ya kudumu. Tuchukue mfano wa mama wa Olbalbal anayeshindwa kumeza chakula, dalili ya kawaida ya saratani ya umio, ugonjwa ulioenea Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Anaanzia zahanati, anapelekwa Hospitali ya Endulen, kisha Karatu, kisha Arusha mjini, na hatimaye Moshi, safari inayozidi kilomita 200 kutoka Karatu peke yake. Moshi anafikia kwa ndugu yake. Anapoulizwa mapokezi anaishi wapi, anataja nyumba aliyolala usiku uliopita.

Kwa jibu hilo moja makosa mawili yanazaliwa. Ngorongoro inapoteza mgonjwa wake, na Kilimanjaro inapata asiye wake. Kiwango cha saratani hupatikana kwa kugawanya idadi ya wagonjwa kwa idadi ya wakazi. Mama huyu ameingia juu ya mstari wa hesabu ya Kilimanjaro, ilhali chini ya mstari, kwenye sensa, yumo katika hesabu ya Ngorongoro. Karani makini huuliza swali kwa namna nyingine: umeishi wapi mwaka huu mzima, kijiji gani, kata gani? Akipata jibu sahihi, humweka mama huyo kando, nje ya hesabu ya Kilimanjaro. Hapo Kilimanjaro imepona, lakini Ngorongoro bado haijampata mtu wake, kwa sababu rejista hiyo haina jukumu la kuihesabia.

Umri nao una mambo yake. Saratani nyingi huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo wataalamu hawawezi kulinganisha eneo lenye wazee wengi na eneo lenye vijana wengi bila kwanza kusawazisha hesabu kwa makundi ya umri. Miongoni mwa Wamaasai wapo wazee wasiojua mwaka waliozaliwa, lakini wanaojua rika lao barabara: Makaa, Landisi, Korianga. Rika moja hubeba takriban miaka 15. Karani anayeandika “60” kwa kila mzee huharibu usawazishaji huo, na dalili ya kosa huonekana pale umri mwingi unapoangukia 50, 60 na 70, huku 57 na 63 ikikosa watu.

Wilaya ya Ngorongoro ina tatizo jingine pia, la idadi ya wakazi wenyewe. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wa hifadhi wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Atakayetumia hesabu ya sensa bila kuangalia uhamaji huo atagawanya kwa namba ambayo haipo tena.

Sasa tutazame jinsi mapengo haya yanavyoweza kupotosha habari. Tuchukue wilaya mbili za kufikirika, kila moja ikiwa na watu 200,000 na wagonjwa wapya wa kweli 120 kwa mwaka, yaani 60 kwa kila watu 100,000. Wilaya ya kwanza inawanasa wagonjwa 108. Kiwango chake kinasomeka 54. Ya pili inawanasa 36 tu. Kiwango chake kinasomeka 18. Gazeti likiandika kwamba wilaya ya kwanza ina saratani mara tatu ya ya pili, halijaongopa kuhusu karatasi lililosoma. Limekosea kuhusu watu. Mwaka unaofuata wilaya ya pili inapata daktari wa upasuaji na karani mwenye bidii, wagonjwa wanaoandikwa wanafika 72, na kichwa cha habari kinakuwa “saratani yaongezeka maradufu”. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezeka.

Hapa ndipo tofauti ya visa vipya na vifo inapohitajika. Visa vipya ni idadi ya watu wanaogundulika na ugonjwa katika mwaka fulani, na hutegemea ugonjwa wenyewe pamoja na juhudi za kuutafuta. Vifo hutegemea ugonjwa na ubora wa matibabu, na haviyumbishwi sana na vipimo. Mfano unaotajwa sana ni Korea Kusini. Madaktari huko walianza kupima tezi ya shingo kwa altrasaundi watu wasio na dalili, na kati ya mwaka 1993 na 2011 visa vya saratani ya tezi hiyo viliongezeka takriban mara 15. Vifo havikubadilika. Wengi waliogundulika walikuwa na vivimbe vidogo ambavyo visingewaua.

Karibu zaidi na kwetu, rejista ya Kampala, iliyoanza mwaka 1954 na kuyumba katika miaka ya machafuko ya Uganda, ilionyesha visa vya saratani ya tezi dume vikipanda mfululizo kati ya mwaka 1991 na 2010. Je, wanaume waliugua zaidi, au walipimwa zaidi? Mwenendo wa vifo ungesaidia kujibu, lakini vifo vyenyewe havikuwa vikiandikwa kwa ukamilifu pamoja na sababu zake.

Na huo ndio mkwamo wa Olbalbal. Anayefia nyumbani kwenye boma huzikwa na ndugu zake, mara nyingi bila cheti cha kifo, na pasipo daktari kutamka chanzo. Rejista za Ulaya huokota wagonjwa waliowaponyoka kwa kusoma vyeti vya vifo: jina likionekana humo na halimo kwenye orodha, karani hurudi nyuma kulifuatilia. Kwetu mlango huo umefungwa kwa sehemu kubwa. Yapo maeneo machache ambako vifo vimefuatiliwa kwa kuwahoji wafiwa kuhusu dalili za marehemu, mojawapo likiwa wilaya ya Hai katika mradi ulioanza mwaka 1992. Hata hivyo, mahojiano ya aina hiyo hutambua uvimbe wa titi kwa urahisi kuliko saratani ya ini.

Msomaji atauliza: mbona taifa lina takwimu za vifo vya saratani? Makadirio ya GLOBOCAN, yanayotolewa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa, yalitaja kwa mwaka 2020 visa vipya zaidi ya 40,000 nchini Tanzania na vifo karibu 27,000. Lakini hakuna aliyeketi akahesabu vifo hivyo kimoja kimoja. Visa vilikadiriwa kutokana na rejista chache zilizopo, na vifo vikakokotolewa kutokana na visa hivyo, kwa kukisia sehemu ya wagonjwa wanaonusurika. Maana yake, namba ya vifo haiwezi kutumika kama shahidi wa kuithibitisha ile ya visa; ni mtoto wake.

Zipo njia za kupima upungufu wa rejista. Mojawapo ni kulinganisha orodha mbili. Tuseme orodha ya wodi ina wagonjwa 40, ya maabara ina 30, na 20 wamo katika zote mbili. Kwa kuwa wodi iliwaona 20 kati ya 30 wa maabara, yaani theluthi mbili, inakadiriwa kwamba 40 wake nao ni theluthi mbili ya wagonjwa wote. Jumla basi ni 60, ilhali walioandikwa kwa orodha zote mbili ni 50. Kumi wamepotea. Njia hii ina kasoro moja kubwa: hudhani kwamba kila mgonjwa alikuwa na nafasi ya kuonekana. Mzee ambaye hakutoka Olbalbal hayumo wodini wala maabara, na hesabu haiwezi kumkisia.

Njia nyingine ni kutazama uwiano wa vifo na visa kwa saratani inayoua upesi. Kwa saratani ya umio namba hizo mbili hupaswa kukaribiana. Rejista ikionyesha visa 50 na vifo 10, haimaanishi kwamba 40 wamepona. Yaelekea walirudi nyumbani na hakuna aliyewafuata. Vifo vikizidi visa, basi wagonjwa walikufa kabla ya kuandikwa. Vilevile, karibu kila mgonjwa akiwa amethibitishwa kwa kinyama, si sifa tupu: huenda karani anaishia maabara, na wasiopimwa wanaachwa nje.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Kilimanjaro ilianza kuitoa kwa majaribio mwaka 2014, na mwaka 2018 ikaenezwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Msichana aliyechanjwa mwaka huo atafikisha miaka 40 mwaka 2044, umri ambao ugonjwa huu huwa umeshaanza kuwashika wanawake wengi. Moshi itakuwa na mfululizo wa takwimu tangu 1998 wa kulinganishia kabla na baada ya chanjo. Olbalbal, kama usajili hautaifikia kabla ya hapo, itakuwa na “baada” isiyo na “kabla”.