Alama Moja, Watoto Wawili Tofauti

Tuchukue darasa la tano linalopewa karatasi ya maswali 40 ya kuzidisha, yafanywe kichwani kwa dakika mbili. Neema anajibu maswali 24 na kupata 23. Baraka anajibu 36, naye anapata 23. Mwalimu akiandika 23 kwa wote wawili, amepoteza habari muhimu kuliko zote alizokuwa nazo mkononi.

Ndiyo maana karatasi ya namna hii huandikiwa namba mbili. Ya kwanza ni majibu sahihi kwa dakika, na hapo watoto hawa wamelingana: 11.5 kila mmoja. Ya pili ni usahihi, yaani majibu sahihi kati ya maswali aliyojibu. Neema ana karibu asilimia 96, Baraka ana 64. Neema anajua ila bado anasitasita. Mazoezi mafupi ya kila siku yatamwongezea kasi. Baraka anakisia. Kwake saa iwekwe kando kwanza, arudie jedwali la kuzidisha bila kuharakishwa, maana kila jibu baya analolirudia mbiombio linazidi kukaa kichwani.

Vipimo hivi vinategemea utungaji wa karatasi. Maswali yote ya karatasi moja yawe na ugumu unaokaribiana. Yakianza mepesi na kuishia magumu, mwenye kasi atakutana na maswali ambayo mwenzake hakuyafikia, na kuwalinganisha hakuna maana tena. Ugumu upandishwe kwa kubadilisha karatasi: kwanza kuzidisha kwa 2 hadi 5, kisha 6 hadi 9, halafu hesabu za mbinu kama 300 − 198, na baadaye 25 × 16, ambayo ni 100 × 4. Kila ngazi iwe na nakala kadhaa zenye mpangilio tofauti, la sivyo watoto watakariri mfuatano wa majibu. Kupanda ngazi kunaweza kudai usahihi wa asilimia 95 kwa siku mbili tofauti, pamoja na kasi iliyowekwa.

Kasi ipi? Hapa mkono huwadanganya walimu wengi. Mtoto anayeweza kunakili tarakimu 40 tu kwa dakika hawezi kuandika majibu zaidi ya 20 yenye tarakimu mbili, hata kama anayajua yote. Basi wapimwe kwanza kwa kunakili tarakimu dakika moja, na lengo la kila mmoja lizingatie mkono wake.

Makosa nayo yasomwe, yasihesabiwe tu. Anayeandika 98 kwenye 300 − 198 ametoa 200, kisha akatoa 2 badala ya kuongeza. Huyo anahitaji maelezo, si saa.

Jo Boaler wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonya kwamba majaribio ya muda huwatia watoto hofu ya hisabati. Onyo hilo lina uzito, hasa pale matokeo yanaposomwa kwa sauti mbele ya darasa. Heri kila mtoto achore grafu nyuma ya daftari lake, mstari mmoja wa kasi na mwingine wa usahihi, na ajilinganishe na wiki yake iliyopita.