Kusoma Jedwali la Marejesho ya Mkopo

Jedwali la marejesho ni ratiba ambayo benki humpa mkopaji, ikionyesha kila rejesho la mwezi, sehemu yake inayokwenda kwenye riba, sehemu inayopunguza deni la msingi, na salio linalobaki. Katika mikopo mingi rejesho halibadiliki tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Kinachobadilika ni mgawanyo wake.

Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 10,000,000, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi 60. Riba ya mwezi ni asilimia 1.5, na rejesho ni shilingi 253,934. Mwezi wa kwanza mkopaji anadaiwa milioni 10 kamili, hivyo riba ni 150,000. Riba hukatwa kwanza. Zinazobaki, shilingi 103,934, ndizo zinazopunguza deni. Salio linakuwa 9,896,066. Mwezi wa pili riba inahesabiwa kwenye salio hilo jipya, nayo ni 148,441. Rejesho ni lilelile, kwa hiyo sasa 105,493 zinakwenda kwenye deni.

Hiyo ndiyo siri yote ya jedwali. Riba hufuata salio, na mwanzoni salio ni kubwa. Kadiri salio linavyopungua, riba nayo hupungua, na kiasi inachoachia huongezwa kwenye deni la msingi. Katika mkopo huu, mwezi wa 15 ndio wa kwanza ambao sehemu ya deni inaizidi riba. Rejesho la mwisho lina riba ya takriban shilingi 3,750 tu.

Matokeo yake huwashtua wengi. Baada ya mwaka mmoja mkopaji amelipa zaidi ya milioni 3, lakini deni limeshuka kwa milioni 1.36 hivi. Hata nusu ya muda ikiisha, mwezi wa 30, bado anadaiwa karibu milioni 6.1.

Kwa sababu hiyohiyo, fedha za ziada zina nguvu zaidi zikilipwa mapema. Kila milioni moja inayopunguzwa kwenye salio huondoa riba ya shilingi 15,000 kila mwezi kwa muda ambao ingebaki ikidaiwa. Mkopaji ahakikishe kwanza kwamba malipo hayo yameingizwa kwenye deni la msingi, na aulize kama mkataba unatoza ada ya kulipa kabla ya muda.

Kuna mikopo ambayo riba yake huhesabiwa kwenye kiasi cha awali hadi mwisho, hata deni likishapungua. Jedwali huifichua mara moja: safu ya riba haishuki. Kwa mkopo uleule na asilimia ileile 18, riba yote ingekuwa milioni 9 badala ya milioni 5.2 hivi. Kabla ya kusaini, mkopaji aombe jedwali zima na aisome safu hiyo.