Umelipa zaidi ya bili? Hivi ndivyo pesa yako inavyorudi kwa cheki

Umeshawahi kulipa muuzaji kwa simu, ukabonyeza kutuma, halafu ujumbe wa uthibitisho ulipoingia moyo ukaruka? Kiasi si kile ulichokusudia. Leo tunataka kueleza pesa hiyo ya ziada huenda wapi, kwa sababu wengi hudhani imepotea, na wengine hudhani itarudi yenyewe. Haijapotea, lakini mara nyingi hairudi mpaka uidai.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana duka Mkomani, hapa Amu. Unga, sukari na mchele anachukua kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla Mombasa. Mzigo unakuja kwa lori mpaka Mokowe, unavuka kwa mashua, na ankara inafuata. Safari hii ankara ni shilingi 17,650. Jioni, duka limejaa watu, anafungua simu, anaingia kwenye Paybill, anaandika namba yake ya mteja vizuri, lakini kwenye kiasi anaandika 71,650. Tarakimu mbili za mwanzo zimebadilishana nafasi. Ziada ni shilingi 54,000, na ndani yake mna karo ya mtoto.

Kosa la namna hii lina alama yake. Chukua ziada, jumlisha tarakimu zake: 5 na 4 ni 9. Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili, au ukiongeza sifuri moja mwishoni, tofauti daima inagawanyika kwa 9. Ikiwa ziada ni sawasawa na ankara yenyewe, basi pengine umelipa mara mbili. Ukijua ni kosa gani, ni rahisi kulieleza.

Je, tunaweza kuirudisha sisi?

Ukituarifu mapema, tunaweza kuomba muamala ugeuzwe. Lakini pesa iliyolipwa kwa biashara si kama ile uliyomtumia mtu kimakosa. Mwenye biashara lazima akubali, na ikishahamishwa kutoka namba yake ya malipo kwenda benki yake, haiko tena mahali tunapoweza kuizuia. Kuanzia hapo, jambo liko kwenye vitabu vya muuzaji.

Kwenye vitabu vya muuzaji

Kila mteja wa mkopo ana ukurasa wake kwenye daftari la wadaiwa. Mzigo ulipotoka, ukurasa wa mama huyu uliandikwa kwamba anadaiwa 17,650. Malipo yalipoingia, yakapunguza deni kwa 71,650. Kwenye taarifa ya akaunti inaonekana hivi:

```
Ankara     17,650 DR
Malipo     71,650 CR
Salio      54,000 CR
```

Herufi DR kwenye taarifa ya muuzaji maana yake wewe unadaiwa. CR kwenye salio maana yake yeye ndiye anayekudai... hapana, soma vizuri: yeye ndiye anayedaiwa na wewe. Wengine badala ya CR huweka alama ya kutoa au mabano. Kwa hivyo 54,000 si faida ya muuzaji na si mauzo. Ni deni lake kwako, ingawa limekaa kwenye daftari la watu anaowadai yeye pesa zake.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Tuseme wateja wengine wote kwa pamoja wanadaiwa 600,000. Mfumo wa kompyuta unatoa 54,000 za mama na kuonyesha jumla ya 546,000. Bosi akitazama jumla hiyo haoni chochote cha kumshtua. Mhasibu makini atatenganisha salio la CR na kuliandika kama deni la biashara, lakini si kila duka la jumla linafanya hivyo kila mwezi. Mpaka mtu afungue ukurasa wako, pesa yako imejificha ndani ya madeni ya wengine.

Ibaki au irudi?

Mama akapiga simu. Kijana wa hesabu akamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, tutakukata mzigo ujao." Ni jibu la kawaida, na kwa ziada ndogo halina ubaya. Lakini kama anachukua mzigo wa 17,650 kila mwezi, 54,000 zitachukua zaidi ya miezi mitatu kuisha. Muda wote huo anamkopesha muuzaji bure. Akajibu, "Mwanangu, hiyo ni karo. Nataka irudi."

Simu haitoshi. Andika ujumbe wenye mambo haya: namba yako ya mteja, namba ya ankara, namba ya muamala kutoka kwenye ujumbe wetu wa uthibitisho, kiasi ulicholipa, kiasi ulichodaiwa na ziada. Malizia kwa kusema unataka urudishiwe, na kwamba wasiikate kwenye ankara ijayo. Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu. Wakikata na pia wakaandika cheki, mwezi ujao utajikuta wewe ndiye unayedaiwa. Omba pia taarifa ya akaunti, uone hiyo CR kwa macho yako.

Kwa nini cheki?

Wateja hutuuliza: nimelipa kwa simu, mbona nirudishiwe kwa karatasi? Sababu ni kwamba namba ya biashara ya kupokea malipo si lazima iwe na uwezo wa kutuma. Kutuma kwa wateja ni huduma nyingine ambayo biashara huiomba kando. Pesa tayari iko benki, na biashara nyingi hutaka sahihi za watu wawili kabla haijatoka. Cheki inatimiza hayo na kuacha kumbukumbu yenye jina lako.

Jina ndilo linaloleta shida zaidi. Kama laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mume, akaunti ya mteja ni jina la duka, na akaunti ya benki ni jina lako, waambie mapema cheki iandikwe jina gani. Cheki iliyopigwa mistari miwili haitolewi pesa taslimu dirishani. Inaingizwa kwenye akaunti, na jina lisipolingana benki itaikataa. Kwa mtu wa Amu, hiyo ni kuirudisha Mombasa na kuanza upya.

Ikifika, angalia tarehe, na kwamba kiasi kwa maneno na kwa tarakimu ni kimoja. Usiiweke kabatini, kwa sababu cheki ya zaidi ya miezi sita benki haiipokei. Na usitumie pesa hiyo mpaka benki ithibitishe imepita, maana cheki huweza kurudi.

Hilo la mwisho likumbuke pia siku ukiwa wewe ndiye muuzaji. Mtu akikulipa kwa cheki kubwa kuliko bili, kisha akakuharakisha umtumie "chenji" kwa simu, subiri. Pesa ya simu inaondoka papo hapo, na cheki yake ikirudi, hasara ni yako.

Cheki ya mama ikishaandikwa, ukurasa wake unaandikwa 54,000 upande wa DR, na salio linakuwa sifuri. Omba taarifa ya akaunti mara ya pili. Ukiona sifuri hapo na 54,000 benki, basi yameisha.