Karuseli za Kiswahili: kazi inataka maneno machache, malipo yanahesabu maneno

Benki, kampuni za simu, wauza bima na programu za kuweka akiba zimeizoea karuseli. Picha tano, saba au kumi zinapangwa mfululizo, msomaji anasukuma kwa kidole gumba, na kwenye picha ya mwisho anakutana na kichekesho au ofa. Nyingi kati ya zile zinazosomwa Dar es Salaam huandikwa kwanza kwa Kiingereza, Nairobi, Johannesburg au mbali zaidi, kisha hutumwa zigeuzwe Kiswahili. Wafasiri wanaoishi kwa kazi hiyo wanasema kazi ipo. Wanachobishania ni kama inalipa.

Ofisa mmoja anayeshughulika na maendeleo ya lugha ana jibu la haraka. Anataja wasemaji zaidi ya milioni 200, takwimu inayosikika kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na kutoka hapo anafikia hitimisho kwamba soko la tafsiri ni kubwa na linapanuka. Nilimuuliza ni wangapi kati ya hao wananunua chochote kupitia tangazo la simu, na wafasiri wangapi wanalipwa kwa kuwahudumia. Alirudi kwenye milioni 200. Idadi ya wasemaji inaonyesha lugha imeenea kiasi gani. Haionyeshi bajeti ya mteja, na anayesubiri ankara yake ilipwe anaijua tofauti hiyo vizuri sana.

Mfasiri mmoja wa Kinondoni, mama wa watoto wawili ambaye aliacha kufundisha ili afanye kazi hii, alinieleza hali kwa kutumia karuseli moja. Aliomba nisimtaje yeye wala mteja.

Karuseli ilikuwa ya programu ya akiba, picha saba, na wazo lake lilikuwa mshahara unavyoyeyuka. Kiingereza kilihesabu siku: siku ya kwanza mtu anajiona tajiri, siku ya tatu anaanza kuhofu, siku ya tisa hana kitu. Kichekesho cha mwisho kilitegemea kipande kidogo kilichobandikwa mwanzoni mwa neno la utajiri, kikaligeuza kuwa hali ya mtu ambaye utajiri wake haujafika tu. Kipande hicho hakina ndugu katika Kiswahili. Tafsiri iliyokuwa imeshafanywa kabla yake ilisema: "Mimi si maskini, bali niko katika hatua ya kabla ya utajiri." Kisarufi haina kosa, na hakuna mtu angeicheka.

"Kaka, nilianza kwa kufuta siku," aliniambia. Sababu yake ni ya kiuchumi kabla ya kuwa ya lugha. Marekani, ambako mzaha huo ulitungwa, wengi hulipwa kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo mtu aliyeishiwa siku ya tisa amekaribia kulipwa tena. Hapa mshahara ni wa mwezi. Siku ya tisa mwezi haujafika hata kwenye kona, na msomaji aliyeishiwa mapema hivyo anaonekana mzembe, hachekeshi. Badala ya tarehe, akatafuta kitu ambacho kila mnunuzi wa hapa hubadilika nacho kadiri mfuko unavyopungua. Akakipata sokoni, kwenye namna tunavyouliza bei.

Picha ya pili ilikuwa na kikombe cha kahawa yenye krimu. Alitamani kuandika habari za kuku mzima badala ya robo, akaomba picha ibadilishwe. Jibu likawa hapana, picha zimeshapitishwa. Ikabidi atafute sentensi inayokubaliana na kikombe kile bila kukitaja. Hii ndiyo karuseli aliyopeleka, kila mstari ukiwa na picha yake:

Mshahara umeingia.
Hata bei sikuuliza.
Bei gani?
Mwisho?
Mwisho kabisa?
Niandikie kwenye daftari.
Sijafulia. Sijatajirika tu.

Mstari wa mwisho ndio unaobeba ujuzi wa kazi hii. Kiingereza hupigilia mzaha kwa maneno mafupi ya silabi moja, na mkazo unaangukia mwisho kabisa wa sentensi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yake ni marefu, kwa hiyo anayefuata mwendo wa Kiingereza hupata sentensi inayokokota miguu. Yeye alipeleka pigo mwanzoni: "sija" na "sija" zikagongana, sikio likashika mdundo kabla ya maana kufika. Na ile "ja" ikafanya kazi ambayo Kiingereza kilikipa kile kipande cha kubandika. Asemaye "sijatajirika" hajakana utajiri. Amesema bado, yaani unakuja.

Kuna mtego mwingine, na hapo ndipo karuseli nyingi zinaharibikia. Kiingereza kinaweza kuficha siri hadi neno la mwisho. Katika Kiswahili, kitenzi hutangaza mapema ni nani, lini, na kama jambo limekanushwa. Ukiweka sentensi nzima kwenye picha moja, siri imeshatoka kabla msomaji hajaimaliza. Dawa yake ni kuikata, kitenzi kinachofichua kiende picha inayofuata, na kidole cha msomaji kifanye kazi ya kusubirisha. Hilo linawezekana tu kwa mfasiri anayeziona picha. Wengi hawazioni. Wanatumiwa jedwali lenye safu mbili, Kiingereza kushoto na nafasi wazi kulia, na maneno ya picha tatu yanaweza kuwa yamebanwa kwenye kisanduku kimoja.

Halafu ndiyo yanakuja malipo. Mkataba wa mfasiri wa Kinondoni ulisema atalipwa kwa neno lililokamilika, yaani neno la Kiswahili. Hesabu karuseli ile: ni maneno 16. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 100 kwa neno, ni shilingi 1,600, na ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 zinabaki 1,520. Ile tafsiri ya awali, iliyojaa "bali" na "katika hatua ya kabla ya", ingelipwa zaidi kwa mstari wa mwisho: wake una maneno 11, wa karuseli hii una matatu.

"Nikiandika vibaya napata pesa nyingi, nikiandika vizuri napata kidogo," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mtu wa mahesabu ananiambia maneno yamepungua. Namwambia, ndiyo, ndiyo kazi uliyonipa. Hanielewi."

Malipo kwa neno la asili, la Kiingereza, yana nafuu kidogo, kwa sababu Kiswahili hufunga ndani ya kitenzi kimoja kile ambacho Kiingereza hukisema kwa maneno matatu au manne. "Nitakuambia" ni neno moja tu. Lakini hata huko, mtu hulipwa kwa kilichoandikwa na mwingine, wala si kwa muda wa kutafuta mstari wa saba. Wachache waliofanikiwa kudai bei ya posti nzima wanasema wameweza kwa sababu mteja aliwajua kabla. Sikukutana na aliyeipata kwa kuomba tu.

Meneja wa wakala mmoja wa matangazo, mwanamume mwenye miaka mingi kwenye fani, alitetea utaratibu wa neno. Anasema mteja anataka kitu kinachohesabika, na mzaha hauhesabiki. Hoja hiyo ina uzito kwa waraka wa bima wa kurasa 40. Kwa karuseli, naiona dhaifu. Wakala huyohuyo humtoza mteja kwa posti, si kwa neno, na yeye mwenyewe alikiri hivyo nilipomuuliza mara ya pili.

Suala la soko la pili nalo halijapata bei. Mteja wa yule mfasiri wa Kinondoni aliomba karuseli ileile itumike Kenya bila kuguswa, akisema Kiswahili ni kimoja. Lakini "kufulia" kwa maana ya kuishiwa ni neno la Bongo. Kijana wa Nairobi atalisoma akafikiria nguo na sabuni. Mfasiri alipeleka toleo la pili: "Sijasota. Sijaomoka tu." Mdundo ni uleule, "sija" kwa "sija", na maneno ni ya mtaa wa huko. Hata hivyo toleo hilo lina mpaka wake. Msomaji wa Mombasa asiyependa Sheng anaweza kuliona geni, na kampuni inayouza kwa watu wazima ingefanya vyema kuliacha. Kazi hiyo ya ziada haikulipwa. Ilihesabiwa kuwa marekebisho.

Marekebisho ndiyo yanayokula faida. Wakubwa wanaopitisha karuseli mara nyingi hawasomi Kiswahili, hivyo huomba tafsiri rejea, Kiswahili kirudishwe Kiingereza wakione. Mzaha ukirudishwa neno kwa neno hufa, na mkubwa anauliza kwa nini umeondoa siku zake. Wazoefu sasa huambatanisha maelezo mafupi chini ya kila picha, yanayosema msomaji atacheka nini na kwa nini, badala ya kurudisha maneno. Wanasema hupunguza mizunguko, ingawa si kila mteja anayakubali.

Mnunuzi asiyejua lugha anaweza pia kutazama umbo. Herufi zikiwa kubwa picha ya kwanza na ndogo picha ya nne, ujue Kiswahili kilikuwa kirefu kuliko nafasi, na dizaina akakisukumiza ndani badala ya kumrudishia mfasiri. Na chini ya posti, watu wakisahihisha lugha badala ya kuwataja marafiki zao, mzaha haukufika.

Je, biashara hii itakua? Meneja wa wakala anasema ndiyo. Ofisa wa lugha anasema imeshakua. Mfasiri wa Kinondoni anasema mwaka huu anapata karuseli nyingi kuliko mwaka jana, na mapato yake yamebaki palepale kwa sababu kila moja ni fupi. Nampa uzito zaidi yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyenionyesha ankara. Inawezekana wateja wakaanza kuandika moja kwa moja kwa Kiswahili, na tafsiri ikapungua. Hilo lingewafaa wasomaji, na pengine lingewafaa wafasiri walewale iwapo wangeajiriwa kama waandishi. Dalili za hilo nilizoona ni chache.

Kwa anayeingia kwenye kazi hii sasa: usikubali kulipwa kwa neno lililokamilika. Dai bei ya posti nzima, andika kwenye makubaliano idadi ya marekebisho yasiyo na malipo, na toleo la nchi ya pili litoze kama kazi ya pili. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, omba picha zote. Mteja akikataa kukupa picha, hiyo si karuseli, ni jedwali, na bei yake iwe ya jedwali.