Homa Ikishuka Usiku, Asubuhi Bado Mpeleke Mtoto

Tuchukue mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kilo 10, wa mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi. Jumamosi jioni mwili unawaka. Mama anampa parasetamoli. Baada ya saa moja jasho linamtoka, anaomba uji, anaanza kucheza. Mama anashusha pumzi: "Homa imeshuka, amepona." Hapo ndipo ninapoogopa. Parasetamoli hushusha joto tu, haigusi vimelea vya malaria, na homa ya malaria ina tabia ya kwenda na kurudi.

Huku kwetu Lualaba malaria ipo mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka mitano akishikwa na homa, apimwe damu kabla ya saa 24 kupita, hata akiwa anacheza. Kipimo cha haraka hutaka tone moja tu la damu ya kidole, na jibu hutoka kwa dakika kama 20. Uangalizi wa nyumbani huanza baada ya jibu hilo.

Lakini usiku ule wa Jumamosi, kabla ya kulala, mama afanye jambo moja. Mtoto akiwa ametulia, amfunue kifua, aangalie saa ya simu na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri huu, zikifika 40 au zaidi, huenda mapafu yameugua. Asiridhike hata kipimo cha malaria kikisema hakuna. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, mpaka ni pumzi 50.

Kuna hali zisizongoja asubuhi: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea hadi kuamshwa ni shida, shingo kukakamaa, kifua kubonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi. Na mtoto wa chini ya miezi miwili, joto la kwapani likifika 37.5 tu, apelekwe saa hiyo hiyo.

Mtoto wetu akikutwa na malaria isiyo kali, atarudi nyumbani na vidonge vya siku tatu. Mara nyingi siku ya pili homa huwa imeondoka, na vidonge vilivyobaki hufichwa kwa ajili ya mdogo wake. Msifanye hivyo, vimelea vilivyosalia huinuka tena. Akitapika kabla ya nusu saa kupita tangu ameze dawa, apewe tena dozi hiyo hiyo. Parasetamoli kwa kilo 10 isizidi miligramu 150 kwa mara moja, kila baada ya saa sita, na mara nne kwa siku zatosha. Nguvu ya siropu hutofautiana, basi someni chupa.

Na kama damu haikuonyesha malaria, pumzi ni za kawaida na ananyonya vizuri, mpe vinywaji, mvue nguo nzito, mwangalie. Homa ikiwa bado ipo siku ya tatu, mrudishe kituoni, hata kama muuguzi hakukuambia urudi.