Nusu Siku ya Mkalimani

"Kaka, ni kazi ya saa nne tu," mratibu aliniambia kwenye simu. "Nusu siku. Kwa hiyo nusu bei, au siyo?"

Warsha yenyewe ilihusu uvuvi wa Ziwa Tanganyika. Ilikuwa ifanyike Kigoma mjini siku ya Alhamisi, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 6:30 mchana. Wajumbe wa Burundi na Kongo wangesema Kifaransa, wenyeji Kiswahili. Mimi na mwenzangu tunakaa Dar es Salaam. Nasema mwenzangu kwa sababu ukalimani sawia, ule wa kukaa kibandani na kutafsiri huku msemaji akiendelea, haufanywi na mtu mmoja kwa saa nne. Tunapokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Ukizidisha hapo unaanza kudondosha maneno, na kibaya zaidi ni kwamba wewe mwenyewe hujui kuwa yamedondoka.

Mratibu alikuwa anahesabu saa, wakati mkalimani anauza siku. Ukishaichukua asubuhi yangu, mchana wake haumfai mteja mwingine, kwani mikutano karibu yote huanza asubuhi. Ndiyo maana wakalimani wengi hawana bei ya nusu siku kabisa, na walio nayo hutoza kama theluthi mbili ya siku nzima. Tuseme siku nzima ni shilingi 600,000. Nachukua namba hiyo kurahisisha hesabu tu, maana bei hutofautiana sana kwa lugha na kwa mteja. Nusu siku itakuwa 400,000, na hapo mkutano uwe mjini kwako, unaoufikia kwa daladala.

Kigoma si ya daladala. Kikao cha saa 2:30 asubuhi kinakulazimu kulala huko, kwa hiyo tungeruka Jumatano na kurudi Ijumaa. Siku tatu zimekwenda kwa saa nne za kusema. Siku ya safari kwa kawaida hulipwa nusu ya ada, maana hufanyi kazi lakini pia huwezi kuichukua ya mwingine. Na mkalimani akishasafiri, nusu siku inafutika na kuwa siku nzima. Basi kila mmoja wetu alikuwa adai 600,000 ya Alhamisi, na 300,000 mara mbili za kwenda na kurudi, jumla 1,200,000. Kwa wawili ni 2,400,000. Tiketi, hoteli ya siku mbili na posho ya kujikimu viko nje ya hapo. Kibanda, visikizio na fundi wake vina ankara yao, si yetu.

"Na kujiandaa?" aliuliza, akitegemea pigo jingine. Kujiandaa hakuna mstari wake kwenye ankara. Kumo ndani ya ada. Kwa mada ngeni, siku moja ya mkutano hunila karibu siku nzima ya kusoma. Dagaa wa Kigoma huitwa ndagala ng'ambo ya pili Burundi, na mgebuka wetu huko ni mukeke. Mjumbe akitaja mukeke katikati ya Kifaransa chake, sina nafasi ya kufungua kamusi. Kwa hiyo nilichomdai mratibu hapo ni mada na hotuba ziletwe wiki moja kabla. Hotuba ya kusomwa ndiyo inayotutesa. Anayezungumza bila karatasi husita na kuvuta pumzi, nasi tunapata upenyo. Anayesoma hapumui, na kama nakala hatunayo tutamwachia nusu ya takwimu zake njiani.

Jambo la mwisho lilikuwa saa ya kuanza. Mwaka mmoja nilikubali nusu siku hapa hapa mjini. Mgeni rasmi akafika saa 4:15, ufunguzi ukaisha saa 5, na tukatoka kibandani saa 9 alasiri kwa malipo yale yale ya nusu siku, kwa sababu mkataba ulitaja "kikao cha asubuhi" bila saa. Tangu hapo naandika saa yenyewe: muda unahesabiwa kuanzia 2:30 hata kama ukumbi ni mtupu, na ukipita 6:30 ni siku nzima. Naandika pia kwamba ada ni kabla ya kodi ya zuio, ile asilimia 5 ambayo mlipaji huikata kwa mkazi na kuipeleka mamlaka ya mapato. Bila sentensi hiyo, mmoja husoma 1,200,000, mwingine hupokea 1,140,000, na urafiki unaishia hapo.

Mratibu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama mchana wa Alhamisi tungekuwa tumekaa bure hotelini. Nikamwambia siku ni yake: vikao viwili vya saa tatu tatu, chakula katikati, ada haibadiliki. Alikuwa na kikao cha wataalamu alichokipangia wiki ya pili yake Bujumbura, na wakalimani wengine. Akakihamishia Kigoma, saa 8 mchana.