Kuwasha taa bila kuzima pampu

Nilikuwa nimefunga bodi ya Arduino Uno kando ya tangi la maji. Pini namba 8 ilikuwa inaendesha rilei ya pampu, na pini namba 13 taa ndogo ya kuonyesha kwamba mtambo unafanya kazi. Ajabu ni kwamba kila taa ilipowaka, pampu ilizimika. Nilikagua waya, nikabadilisha rilei, nikapoteza jioni nzima. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa programu:

```
PORTB = 32;
```

Chipu ya bodi hiyo, ATmega328P, imezipanga pini zake kwa mafungu, na kila fungu lina rejista yake ya baiti moja, yaani biti nane. Ichukulie kama ubao wa swichi nane ukutani. Swichi huhesabiwa kutoka kulia, kuanzia 0. Katika rejista ya PORTB, biti 0 ndiyo pini namba 8 na biti 5 ndiyo pini namba 13. Pini ikishatangazwa kuwa ya kutoa umeme, kwa kuweka 1 kwenye biti yake katika rejista ya DDRB, basi 1 ndani ya PORTB huiwasha na 0 huizima.

Sasa, 32 kwa biti ni 00100000. Niliomba biti 5 iwake, lakini kwa alama ile ya `=` niliamuru pia biti nyingine zote saba ziwe 0, na ya pampu ikiwemo.

Dawa yake ni barakoa: namba inayofunika biti zote isipokuwa ile unayoitaka. Huna haja ya kukariri 32. Chukua 1, uisogeze kushoto hatua tano, `1 << 5`, nayo 00000001 inakuwa 00100000. Tahadhari hapa: anayeandika 5 peke yake anapata 00000101, na zitakazowaka ni pini namba 8 na 10.

```
PORTB |= (1 << 5);   // washa
PORTB &= ~(1 << 5);  // zima
PORTB ^= (1 << 5);   // geuza
```

Tuseme pampu inafanya kazi na taa imezimwa: PORTB ina 00000001. Mstari wa kwanza unatumia AU: biti ya jibu inakuwa 1 ikiwa upande wowote una 1. Jibu ni 00100001, taa imewaka na pampu inaendelea. Kwa nini tusijumlishe tu? Kwa sababu taa ikiwa tayari inawaka, kujumlisha 32 kunatoa 01000001: biti 5 inazimika na 1 inabebwa hadi kwa jirani. AU haibebi kitu. Ukiirudia mara kumi, taa inabaki inawaka.

Kuzima kunahitaji barakoa iliyopinduliwa. Alama ya `~` inaifanya kuwa 11011111, kisha NA inabakiza 1 pale tu pande zote mbili zina 1. Penye 0 pamoja pekee ndipo panapozimika. Ukisahau `~` utaona kinyume chake: zote zinazimika, isipokuwa ile uliyotaka kuizima. Mstari wa tatu hugeuza biti moja, iliyowaka ikazimika na iliyozimika ikawaka, bila kuigusa nyingine.

Hata hivyo kugeuza huku kuna mtego, na ndio ulionisumbua zaidi. Chipu huufanya kwa hatua tatu: inasoma PORTB, inageuza biti kwenye nakala, kisha inairudisha nakala nzima. Tuseme imeshasoma 00000001, na papo hapo boya la tangi linatoa ishara kwamba maji yamejaa. Katizo linaingia, linazima pampu, PORTB inakuwa 00000000. Kazi ya awali inarejea, haina habari ya kilichotokea, na inaandika 00100001. Pampu imewaka tena, na maji yanamwagika. Hitilafu ya namna hii hutokea kwa nadra, pengine mara moja kwa siku, na ukiweka programu kwenye majaribio haionekani. Ukiona pini inabadilika bila mstari wowote kuiamuru, tafuta katizo linalogusa rejista hiyohiyo.

Mtu anaweza kuyafungia makatizo nje kwa muda mfupi wakati hatua zile tatu zinafanyika. Lakini kwa chipu hii kuna njia fupi kuliko hiyo. Rejista ya PINB, ambayo kwa kawaida ni ya kusoma hali ya pini, ukiiandikia 1 inageuza biti ya PORTB iliyo mahali hapo, na penye 0 haibadilishi kitu:

```
PINB = (1 << 5);
```

Hapa alama ya `=` peke yake ndiyo sahihi. Hakuna nakala iliyosomwa, kwa hiyo hakuna habari ya zamani ya kurudishwa, na pampu iliyozimwa na boya inabaki imezimwa.